Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nafungua bahasha za watu wanaotafuta kazi. Ofisi ilikuwa Dar es Salaam, wala haikuwa kubwa, lakini tukitangaza nafasi moja ya karani, bahasha za kaki zilijaa boksi zima. Kazi yangu ilikuwa kupunguza. Barua ziliingia asubuhi kwa fungu, na jioni mkuu wa ofisi alitaka kukuta kumi na tano tu mezani kwake. Fanya kazi hiyo wiki moja, jicho litajifunza kuruka lenyewe. Linaruka anwani mbili, linaruka tarehe, linaruka "Yah: Maombi ya Kazi", kisha linaruka na sentensi ya kwanza, kwa kuwa sentensi ya kwanza ilikuwa ileile karibu kwenye kila barua: Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sina ugomvi na maneno hayo. Yana adabu, na sarufi yake haina kasoro. Ila yanamtuma msomaji arudi kusoma mstari aliotoka kuusoma sasa hivi. Pale jicho lilipokuwa bado lina hamu, pale ambapo mwombaji angesema jambo moja la maana kumhusu, amemrudisha mtu nyuma.

Tulifundishwa hivyo shuleni, kwa nia njema. Barua rasmi kwenye mtihani wa Kiswahili ina viungo vyake: anwani ya mwandishi, tarehe, anwani ya mwandikiwa, salamu, kichwa, kiini, hitimisho, sahihi. Msahihishaji anaangalia kama viungo vipo na vimekaa mahali pake, anatoa alama, anafungua karatasi nyingine. Mwajiri hatoi alama za viungo. Yeye ana stoo isiyo na mtu, au darasa lisilo na mwalimu, na anasoma akitafuta mtu wa kuweka pale.

Nyuma ya shule kuna mila ya zamani zaidi. Barua za Kiswahili za pwani, zile zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zilianza kwa kumpamba mwandikiwa kwa vyeo na dua, zikafuata salamu, na baada ya salamu ndipo mwandishi akataja lililomfanya ashike kalamu. Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili ya hati hizo mwaka 1892, barua zikiwamo. Zilikuwa barua za watu wanaojuana au wanaofanya biashara pamoja, na kuruka salamu kungekuwa utovu wa adabu. Ninaposoma "katika ofisi yako tukufu" naisikia sauti hiyo ya kale, imebaki peke yake ndani ya barua inayokwenda kwa mtu asiyejulikana hata jina. Heshima ile imekosa mtu wa kumshukia, ikageuka kuwa mapambo.

Anayetaka kuachana na mapambo hayo hujikuta kwenye njia panda. Upande mmoja kuna kulia shida, upande wa pili kuna kujigamba. Na Kiswahili chenyewe kina mitego yake pande zote mbili, ambayo ukishaijua huwezi tena kuipita bila kuiona.

Mtego wa kwanza ni neno kuomba. Anayeomba kazi, anayemwomba Mungu na anayeomba senti mlangoni mwa msikiti, wote wanatumia kitenzi kimoja. Mwombaji wa kazi hawezi kulikwepa neno hilo, wala hana haja. "Ninaomba nafasi ya mhasibu msaidizi" ni sentensi iliyosimama wima. Angalia kinachobadilika ukiongeza silabi moja: "Ninakuomba unifikirie katika nafasi ya mhasibu msaidizi." Hapo kwanza kilichoombwa ni nafasi. Hapa anayeombwa ni mtu, yaani ile -ku- imemshika mwajiri mkono. Ukiendelea na "nakuomba kwa unyenyekevu mkubwa unisaidie", umeshatoka kwenye maombi ya kazi, uko kwenye maombi ya msaada. Mtu anayetoa msaada hupima shida ya anayeomba. Anayetoa kazi hupima kitu kingine kabisa.

Kuna na ile -nge-. "Ningependa kuomba" ni adabu ya kawaida ya siku hizi, lakini ikifuatwa na "ningefurahi kama ningepewa nafasi ya kuonyesha", sentensi nzima inakuwa ya mtu anayebisha hodi huku ameanza kuondoka.

Mtego wa upande wa pili ni neno mimi. Kwa Kiswahili, mtendaji tayari yumo ndani ya kitenzi: nilifundisha, nimetunza, ninaandaa. Ile ni- inatosha. Ukiitanguliza mimi, umekazia, na kukazia kuna kazi yake: "Mimi nilifundisha" inadokeza kwamba wapo wengine ambao hawakufundisha. Barua yenye "Mimi ni mchapakazi, mimi ni mbunifu, mimi ninajituma" inasikika kama mtu anayejipiga kifua, hata kama mwandishi ni mpole kuliko njiwa. Mara nyingi nimeshauri mtu afute mimi zote za aya ya kwanza, asiguse kingine, na barua ikapungua majivuno papo hapo.

Kiangazi kilichopita mtoto wa kaka yangu alinitumia tangazo kwa wasapu. Anaishi Mwanza, ana stashahada ya ununuzi na ugavi, na wakati huo alikuwa amefanya kazi miaka miwili kwenye stoo ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Kampuni moja inayosambaza vifaa tiba ilikuwa inatafuta mtunza stoo. Tangazo lilikuwa fupi: kupokea na kutoa mzigo, kutunza leja, kuhakikisha hesabu ya stoo inalingana na ya mfumo kila mwisho wa mwezi, kutoa taarifa ya tofauti yoyote ya hesabu. Aanze kazi mara moja.

Akapiga simu. "Shikamoo shangazi. Umeiona barua niliyokutumia?"

"Marahaba baba. Nimeiona. Hebu nisomee mwenyewe mwanzo wake."

Akasoma. Niliiandika pembeni ya gazeti, ndiyo maana ninayo hadi leo: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 27, ninakuomba kwa unyenyekevu mkubwa unipatie nafasi ya kazi katika kampuni yako tukufu. Nipo tayari kufanya kazi yoyote, mahali popote na kwa mshahara wowote."

Nilimwambia atafakari kidogo ile sentensi ya mwisho, maana ndiyo aliyoipenda. Aliiona ni ya mtu asiye na makuu. Lakini anayesoma ni mtu mwenye stoo. Akisikia "kazi yoyote", anajua huyu hakulisoma tangazo, kwa kuwa tangazo halikutaka mtu wa kazi yoyote. Na akisikia "mshahara wowote" ndipo anaposhtuka hasa. Stoo imejaa vitu vya thamani vinavyobebeka, na mtu anayekubali kulipwa kiasi chochote huacha swali: pengo atalijazia wapi? Mpwa wangu ni mwaminifu kiasi cha kurudisha chenji ya shilingi mia, na hilo hakulifikiria hata kidogo. Alikuwa anaonyesha unyenyekevu, mwenye stoo akasoma hatari.

Kesho yake ikaja barua ya pili. Safari hii alikuwa ametazama video za mtu anayefundisha vijana namna ya kujiuza. "Kama mnatafuta mtunza stoo bora kuliko wote, basi utafutaji wenu umefika mwisho. Mimi ni mchapakazi mwenye ari, maono na uwezo mkubwa wa kufanya kazi chini ya shinikizo, na nina uhakika nitaipeleka kampuni yenu ngazi nyingine."

Nilicheka, akakasirika. "Shangazi, jana umesema nalia shida, leo unasema najigamba. Sasa nikae wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Watu wengi hudhani jibu liko katikati, kama chumvi: punguza unyenyekevu kidogo, ongeza majigambo kidogo, onja. Mimi sioni hivyo. Barua zake mbili, pamoja na tofauti yake ya sauti, zilikuwa na ugonjwa mmoja. Zote zilimzungumzia yeye alivyo, moja ikisema mnyonge, nyingine ikisema bora, na hakuna iliyotaja stoo hata mara moja. Hazina kitu ambacho msomaji angeweza kukikagua. "Bora kuliko wote" atalijuaje, na yeye mwenyewe hajui nani wengine wameomba? "Mchapakazi" ameliandika kila mtu, hadi yule mvivu. Sifa ikisimama peke yake inamlazimu msomaji aamini au akatae, na mtu mwenye barua mia mezani ana haraka ya kukataa.

Kinachofanya sentensi isikike ina uhakika ni jambo dogo lililotendeka, lililopimwa, lililowekwa mahali pake, na lenye uhusiano na kazi inayotangazwa. Ukishakuwa nalo huhitaji kupandisha sauti wala kuishusha. Unalitaja kama unavyotaja bei.

Tukaanza kulitafuta. Nilimuuliza huko dukani anafanya nini.

"Natunza stoo."

"Unaitunzaje?"

"Kawaida tu shangazi. Mzigo ukija napokea, naandika leja. Mwisho wa mwezi nahesabu."

"Hesabu ilikuwa inakaa sawa?"

Akanyamaza kidogo. "Mwanzoni haikukaa. Misumari hasa. Kila mwezi ilikuwa pungufu, tajiri anafikiri tunaiba."

"Ikawaje?"

"Misumari inaingia kwa katoni, inatoka kwa kilo. Katoni imeandikwa kilo 25, sisi tunaandika leja kilo 25. Siku moja nikaiweka moja kwenye mzani, ikasoma 23 na nusu. Nikapima nyingine, nazo zinapishana. Basi nikaanza kupima kila katoni siku ya kupokea, mbele ya dereva, na ndiyo kilo ninayoiandika. Toka hapo misumari haijasumbua."

Kijana alikuwa na hadithi hiyo miaka miwili, na kwenye barua zote mbili hakuitia. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ni jambo dogo, tena kulisema ni kama kujisifu. Hapa naona methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza inavyowafanyia watu wetu. Wameilewa vibaya, wakadhani hata kuweka bidhaa juu ya meza ni kuitembeza. Kitu hakijiuzi kikiwa kimefungiwa kabatini.

Kisha tukalisoma tangazo upya, polepole. Lina majukumu manne, na mawili kati yake ni jambo moja: hesabu ilingane, tofauti itolewe taarifa. Halafu, aanze mara moja. Sikuwa na njia ya kujua yaliyotokea pale, lakini kampuni inayotaja tofauti ya hesabu mara mbili kwenye tangazo la mistari sita ina uwezekano mkubwa imeumwa na hesabu. Sentensi ya kwanza ilitakiwa iguse kidonda hicho bila kukitaja kuwa ni kidonda. Kuwaambia "najua mna upotevu" ingekuwa kejeli, tena ya kubahatisha.

Jaribio la tatu aliliandika hivi: "Nimesimamia stoo yenye bidhaa zaidi ya 600 kwa miaka miwili." Nilimuuliza hiyo 600 ameitoa wapi. Akasema ni makadirio. Nikamwambia kesho akifika kazini afungue leja ahesabu kurasa, kila bidhaa na ukurasa wake. Jioni akaleta jibu: 412. Na kuhusu nimesimamia, je, alikuwa msimamizi? Hapana, kuna mzee aliye juu yake, yeye ni msaidizi, ila hesabu za mwisho wa mwezi anazifanya yeye.

Haya mawili yanaonekana madogo, nami nimeyaona yakiangusha watu. Sentensi ya kwanza ya barua ina tabia ya kugeuka kuwa swali la kwanza la usaili. Mtu aliyeandika 600 ataulizwa za aina gani, zimepangwaje, ngapi zinaisha haraka. Akiwa na 412 mkononi anajibu huku anaziona rafu. Akiwa na 600 ya kukadiria, anaanza kutafuta maneno, na wale watu watatu mezani wanaona. Ni vivyo hivyo na nilisimamia, niliongoza, nilianzisha. Kitenzi kikubwa kuliko kazi iliyofanyika ni majigambo hata kikiandikwa kwa sauti ya chini. Msaidizi aliyesema "nikiwa msaidizi" na kisha akataja kazi halisi, huwa anapata heshima ambayo cheo cha kuazima hakimpi.

Barua iliyotoka ilianza hivi, chini ya kichwa kilichotaja kazi na tarehe ya tangazo:

"Ninaomba nafasi ya Mtunza Stoo mliyoitangaza. Kwa miaka miwili, nikiwa msaidizi wa mtunza stoo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, nimekuwa nikihesabu mzigo wa bidhaa 412 kila mwisho wa mwezi na kuulinganisha na leja. Misumari ndiyo iliyokuwa ikipishana kila mwezi, hadi nilipoanza kupima kila katoni siku ya kuipokea na kuandika uzito wake halisi badala ya ule ulioandikwa juu ya katoni."

Sentensi tatu. Ya kwanza ni fupi, inasema anataka nini, na ile ninaomba imebaki bila kupambwa. Ya pili inasema yuko wapi na anafanya nini. Ya tatu ndiyo yenye uhakika wote, na ukiitazama haina hata neno moja la kumsifu. Hakusema yuko makini. Msomaji atasema mwenyewe, na mtu huwa haibishii kauli aliyoitoa mwenyewe. Hakusema pia kwamba wizi ulikoma au faida ilipanda, kwa kuwa hayo hakuyapima. Tena hakumtia lawama tajiri wake wa sasa, jambo ambalo mwajiri mpya hulisikia kwa sikio kali sana.

Mpwa wangu alitaka kuanza na misumari moja kwa moja, kwa mshindo, na kulitaja tangazo baadaye. Wapo wanaofanya hivyo na inapendeza. Nilimzuia kwa sababu barua yake ilikuwa inakwenda kwa barua pepe, na kwenye simu ya anayepokea huonekana jina, kichwa, na maneno machache ya mwanzo tu kabla hajaifungua. Akikuta "Misumari ndiyo iliyokuwa ikipishana" anaweza kudhani ni ankara ya mtu. Kwa kuanzia hapo hapo na jina la kazi, barua inajitambulisha hata ikiwa bado imefungwa. Ndiyo sababu pia sipendi "Habari za siku nyingi, natumaini u mzima wa afya" kwenye barua ya namna hii, ingawa moyoni naipenda. Maneno machache yanayoonekana yote yamekwisha kwenye afya.

Yote haya ni ya kampuni, mashirika na shule binafsi. Kwa kazi za serikali mambo ni tofauti, na ningekuwa ninakudanganya nikisema sentensi tamu itakuvusha. Maombi mengi ya utumishi wa umma Tanzania hupitia kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambako mwombaji hujaza taarifa zake, hupakia vyeti, na barua ya maombi iliyosainiwa. Mchujo wa mwanzo hufuata sifa zilizoandikwa kwenye tangazo: elimu, usajili wa bodi pale unapotakiwa, uzoefu. Barua hapo iwe ya kawaida kabisa. Taja nafasi, kumbukumbu na tarehe ya tangazo, kisha sema katika sentensi ileile kwamba unayo sifa iliyotajwa, kwa jina lilelile waliloliita wao. Kama tangazo limesema stashahada ya ununuzi na ugavi, usiandike diploma ya manunuzi. Misumari iweke akiba kwa ajili ya usaili.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la wale ambao hawajawahi kuajiriwa. Mara nyingi barua zao huanza na "Ingawa sina uzoefu", na hapo mwombaji amemtafutia mwajiri sababu ya kumkataa, amemwandalia na kiti. Hakuna anayelazimishwa kutangaza asichonacho katika mstari wa kwanza. Binti mmoja, jirani yangu, alihitimu ualimu na hakuwa ameajiriwa popote. Alikuwa na wiki 8 za mafunzo kwa vitendo, na alizidharau kwa kuwa kila aliyesoma naye anazo. Nilipomuuliza alifundisha nini, alisema Hisabati, kidato cha pili, darasa la wanafunzi 74 na vitabu 9. Ikawaje? Aliwagawa makundi ya wanane wanane, kila kundi na kitabu chake, wa mwisho wawili akawapa nakala yake mwenyewe, na mazoezi akayaandika ubaoni kabla kengele haijalia.

Barua yake kwenda shule ya binafsi ilianza: "Ninaomba kufundisha Hisabati katika shule yenu. Katika mafunzo yangu ya vitendo nilifundisha kidato cha pili kwa wiki 8, wanafunzi 74 wenye vitabu 9, na nilijifunza kupanga kipindi kuanzia kwenye idadi ya vitabu." Hakusema hana uzoefu, wala hakudai anao. Neno nililolipenda ni nilijifunza. Kwa mtu anayeanza kazi, nilijifunza ikifuatwa na kitu halisi ina uzito kuliko ninaweza ikifuatwa na chochote.

Nitaje na shida, kwa kuwa wengi wanaoandika barua hizi wana shida ya kweli. Nimesoma barua zilizoanza na kifo cha baba, ada za wadogo, kodi ya chumba. Baadhi ziliniliza, na hata siku moja sikumwona mtu akipewa kazi kwa barua iliyoniliza. Mkuu wangu wa ofisi, mtu wa huruma kweli, alikuwa anaziweka pembeni na kusema huyu tumtafutie mchango. Kwake barua ilikuwa imeshajibu swali: mtu huyu anahitaji fedha. Swali lake yeye, nani ataandika rejesta, lilikuwa bado halijajibiwa.

Mpwa wangu alikwenda kuichapisha barua steshenari, maana kampuni ilitaka na nakala ya mkono. Nusu saa baadaye akapiga simu amechukia. Kijana wa kompyuta alikuwa ameisoma, akaona ina upungufu, na kwa wema wake akaichomeka juu kabisa, kwa herufi nzito: Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ana faili lake la barua za kazi, kila anayekuja anawekewa. "Ameniambia, kaka, bila hii hawaisomi. Imebidi nimlipe mia tano nyingine aitoe."

Aliitwa kwenye usaili. Swali la kwanza, baada ya jina, lilikuwa: zile katoni pungufu mlizirudisha au mlizipokea? Akaeleza walivyofanya, na jinsi dereva alivyonuna, wakacheka wote. Kazi hakuipata. Alichukuliwa mwingine aliyewahi kutunza stoo ya dawa, anayejua mambo ya tarehe za mwisho wa matumizi, na hata mpwa wangu alisema ni haki.

Juzi kanitumia tangazo jingine. Kiwanda cha samaki, stoo ya baridi, mtu wa kupokea samaki kutoka kwa mawakala na kuandika kilo. Chini ya picha ameandika: "Shangazi, hapa misumari haiingii. Nianze na mzani?"